Mpango una faida, wiki ya sita hauna chakula: kisa cha kuku 200 wa nyama

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya darasa la vijana wanaoandika mpango wao wa kwanza wa biashara. Mhusika ni binti wa miaka 24 anayeishi Kihonda, Morogoro. Ana uwanja nyuma ya nyumba ya wazazi, ana mtaji wa shilingi 2,500,000, na anataka kufuga kuku wa nyama 200 kwa kila bechi. Bei zote ni za zoezi. Anayelifanya azibadilishe kwa bei za soko lake, maana bei ya vifaranga na ya chakula hupanda na kushuka ndani ya mwaka mmoja. Makosa yaliyomo ndiyo yanayojirudia kwenye rasimu nyingi za ufugaji huu, na yanafaa kutazamwa kwa utaratibu kwa sababu hakuna hata moja linalotokana na uzembe.

Rasimu yake ina kurasa mbili. Banda litagharimu 800,000 na vyombo vya chakula, vya maji na vya kulelea vifaranga 200,000. Vifaranga 200 kwa 1,500 ni 300,000. Chakula ni mifuko 15 ya kilo 50, kila mmoja 70,000, jumla 1,050,000. Chanjo na dawa ni 50,000. Gharama ya bechi, anaandika, ni 1,400,000, sawa na 7,000 kwa kuku. Atauza kwa 9,000. Faida ni 2,000 kwa kuku, yaani 400,000 kwa bechi. Kuhusu wateja kuna mstari mmoja: "hoteli, wauza chipsi na majirani". Baada ya banda na vyombo atabaki na 1,500,000, na kwa kuwa bechi inataka 1,400,000, anahitimisha kwamba mtaji unatosha na laki moja inabaki.

Hesabu hiyo ya kujumlisha haina kosa. Hata kiasi cha chakula ni sahihi: kuku wa nyama akifugwa vizuri kwa wiki sita hula karibu kilo 3.75. Tatizo liko kwenye vitu ambavyo hakuviandika, na kwenye jambo moja kubwa zaidi ambalo karatasi yake haina mahali pa kuliandika: siku ambayo fedha inatoka na siku ambayo fedha inaingia.

Gharama

Njia rahisi ya kupata gharama zilizosahaulika ni kumfuata kifaranga siku kwa siku, badala ya kukaa mezani na kukumbuka vitu vya kununua. Kabla hajafika, sakafu inataka maranda: 20,000. Wiki ya kwanza anahitaji joto la karibu nyuzi 32 hadi 33, na joto hilo linatoka kwenye mkaa: 60,000 kwa kipindi chote cha kulea, na zaidi kidogo bechi ikiangukia Juni au Julai, Morogoro inapokuwa na baridi usiku. Kuna kwenda kuchukua vifaranga na kubeba mifuko ya chakula: 30,000. Kuna maji na taa: 20,000. Hivyo vinne ni 130,000, na fedha itakayotoka mfukoni kwa bechi inakuwa 1,530,000. Ile laki moja iliyotarajiwa kubaki imeshageuka upungufu wa 30,000.

Halafu kuna vifo. Rasimu iligawanya gharama kwa kuku 200, lakini watakaouzwa si 200. Mfugaji makini hupanga kupoteza angalau 5 kati ya 100, hivyo tugawanye kwa 190. Na si kila kifo kina bei moja. Kifaranga aliyekufa kwa baridi wiki ya kwanza amekula karibu 1,500 ya ununuzi na chakula kidogo. Kuku aliyekufa kwa joto au kwa gumboro mwishoni mwa wiki ya tano ameshakula kilo 2.75, ambazo kwa 1,400 kwa kilo ni 3,850, na pamoja na bei yake ya kifaranga ni 5,350. Ndiyo maana chanjo za siku ya 7, ya 14 na ya 21, kideri, gumboro na kideri tena, hazipaswi kuwa mahali pa kubana matumizi fedha inapopungua.

Vinabaki viwili ambavyo havitoki mfukoni kila bechi lakini ni gharama kamili. Banda litadumu miaka minne hivi na vyombo miaka miwili. Wiki sita za kufuga na mbili za kusafisha na kupumzisha banda zinampa bechi sita kwa mwaka. Banda linagawanywa kwa bechi 24, vyombo kwa bechi 12, na jibu la vyote viwili ni 50,000 kwa bechi. Cha pili ni kazi yake mwenyewe. Kijana akisema "mimi sijilipi" anaahirisha tu hesabu, maana nauli, vocha na chakula chake vitatoka kwenye sanduku lilelile bila kuandikwa. Tuweke 25,000 kwa wiki kuku wakiwa bandani, yaani 150,000.

Jumla sasa ni 1,730,000. Tukigawanya kwa 190 tunapata karibu 9,105 kwa kuku. Anapanga kuuza 9,000. Ile faida ya laki nne ni hasara ya 20,000, na bado hajachinja hata mmoja.

Wengi wakifika hapa hutaka kupandisha bei au kufuta mstari wa mshahara wao. Njia zote mbili ni za haraka mno. Kinachotakiwa ni kwenda kuwaona wateja.

Wateja

Ule mstari wa "hoteli, wauza chipsi na majirani" unaficha biashara tatu tofauti. Mwuza chipsi hamtaki kuku mkubwa. Anamtaka wa kilo moja na kidogo akiwa amechinjwa, ili robo yake itoke kwa bei ambayo mteja wa jioni anaweza kulipa. Kuku huyo anapatikana mwisho wa wiki ya tano. Hoteli inataka mzito zaidi na wanaolingana, na hulipa baada ya siku 30. Jirani au mchuuzi wa sokoni anamchukua mzima palepale bandani na kulipa taslimu.

Swali la "nikifuga utanunua?" halina faida, kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Kwenye zoezi mhusika anapewa fomu yenye maswali ya mambo yaliyokwisha kutokea: jana ulinunua kuku wangapi, kwa nani, kwa bei gani, wa ukubwa gani, ulilipa lini, na aliyekuuzia kabla ya huyu kwa nini ulimwacha. Swali la mwisho ndilo linalotoa mengi. Jibu la kawaida ni kwamba muuzaji alikuja mara moja akapotea. Mwuza chipsi anahitaji kuku kila jioni, na bechi moja kila wiki nane haimtoshelezi. Mpango unaosema "wauza chipsi ni wateja wangu" lazima ueleze watanunua wapi wiki saba nyingine.

Kwa mhusika wetu kuna majibu mawili ya kweli. La kwanza ni kugawa vifaranga 200 kuwa bechi mbili za 100 zinazopishana wiki nne. Hilo linataka kizuizi imara katikati ya banda, viatu tofauti kila upande na nidhamu ya kuanza na wadogo kila asubuhi, kwa sababu kuku wa umri tofauti kwenye banda moja huambukizana kirahisi. La pili ni kukubali nafasi ya msambazaji wa nyongeza wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, siku ambazo vibanda hutumia kuku wengi kuliko kawaida, na kuwaambia wateja tarehe ya bechi inayofuata kabla hawajauliza. Kwa anayeanza, la pili ni salama zaidi. Anatembelea vibanda tisa, anapata sita ambavyo kila kimoja kinaweza kuchukua kuku watano kwa siku. Siku tatu, kuku 90. Hicho ndicho kiwango cha kuandika kwenye mpango, pamoja na siku za kupeleka na jina la anayepokea kila kibandani.

Bei

Bei ya kuku wa nyama hapangi mfugaji mdogo. Anachoweza kupanga ni kumuuza kwa nani, siku ya ngapi na akiwa katika hali gani, na hapo ndipo fedha ilipo. Bei alizozikuta ni hizi: mwuza chipsi hulipa 8,800 kwa kuku aliyechinjwa wa wiki ya tano, hoteli 10,000 kwa aliyechinjwa wa wiki ya sita, mchuuzi au jirani 9,000 kwa mzima wa wiki ya sita. Kuchinja, kunyonyoa, mfuko na bodaboda ni 600 kwa kuku.

Kwa macho hoteli inashinda. Tulinganishe kwa kusimama siku moja, mwisho wa wiki ya tano, tukiwa na kuku mmoja mkononi. Nikimpa mwuza chipsi leo napata 8,800, natoa 600, zinabaki 8,200. Nikimsubirisha hadi wiki ya sita atakula kilo moja zaidi, yaani 1,400. Hoteli basi inaniachia 10,000 kutoa 600 kutoa 1,400, sawa na 8,000, tena mwezi mmoja baadaye. Mchuuzi ananiachia 9,000 kutoa 1,400, sawa na 7,600. Mteja mwenye bei ndogo kuliko wote ndiye anayeacha fedha nyingi zaidi, na mwenye bei kubwa anamzidi mchuuzi kwa 400 tu, ambazo ndizo malipo ya kumkopesha kwa siku 30.

Kutoka hapo mgawanyo unajiandika wenyewe. Kuku 90 waende kwa wauza chipsi mwisho wa wiki ya tano, kwa sababu hawawezi kuchukua zaidi. Katika 100 wanaobaki, 60 waende hoteli na 40 wauzwe wazima. Mauzo ni 792,000, 600,000 na 360,000, jumla 1,752,000. Kwa kuwa wiki ya sita wamebaki kuku 100 tu, mifuko miwili inatosha badala ya minne, na 140,000 inaokolewa. Fedha ya bechi inashuka hadi 1,390,000. Tuongeze 90,000 za kuchinja kuku 150, na 50,000 za banda na vyombo: 1,530,000. Zinabaki 222,000. Akijilipa 150,000, faida ni 72,000.

Ni ndogo sana ukilinganisha na laki nne za mwanzo, lakini hii inaweza kutetewa mstari kwa mstari mbele ya mtu yeyote wa mikopo. Pia inaonyesha udhaifu wake ulipo. Mfuko wa chakula ukipanda kwa 5,000, mifuko 13 inakula 65,000, na faida karibu yote imekwenda. Sentensi hiyo iandikwe kwenye mpango wenyewe, katika sehemu ya hatari, kwa takwimu zake.

Fedha wiki kwa wiki

Makadirio ya fedha yana safu tano tu: wiki, fedha ya kuanzia, inayotoka, inayoingia, inayobaki. Sheria yake ni moja. Kiasi kinaandikwa kwenye wiki ambayo noti zinabadilisha mikono. Siku ya kukubaliana au ya kupeleka mzigo haihusiki. Gharama ya uchakavu wa banda haiingii, kwa sababu hakuna anayelipwa. Mali kauli ya hoteli inaingia wiki itakayolipwa.

Kwanza tuipitishe rasimu ya awali, ikiwa na gharama zilizosahaulika na 25,000 zake za wiki. Chakula kinanunuliwa kadiri kinavyoliwa: mfuko mmoja wiki ya kwanza, mmoja ya pili, mitatu ya tatu, mitatu ya nne, mitatu ya tano, minne ya sita. Takwimu ni za maelfu ya shilingi.

| Wiki | Kuanzia | Inatoka | Inaingia | Inabaki |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 1,500 | 505 | 0 | 995 |
| 2 | 995 | 115 | 0 | 880 |
| 3 | 880 | 260 | 0 | 620 |
| 4 | 620 | 240 | 0 | 380 |
| 5 | 380 | 240 | 0 | 140 |
| 6 | 140 | 320 | 0 | −180 |

Wiki ya pili inadanganya. Fedha inatoka kidogo, sanduku lina 880,000, na mfugaji anajiona yuko vizuri. Ndipo anaponunua simu au kumkopesha ndugu. Mifuko 10 kati ya 15 inanunuliwa wiki tatu za mwisho. Wiki ya sita kuku hula karibu kilo 28 kwa siku, kama 40,000, na ndiyo wiki isiyo na fedha. Mfugaji aliyefika hapo bila kujiandaa huchanganya pumba nyingi kwenye chakula, kuku hawafikii uzito, hoteli inawakataa. Au anawaita walanguzi, ambao wakiona mifuko mitupu hawaulizi bei, wanaitaja wao. Kila siku anayobishana nao inamgharimu 40,000 nyingine, na hilo wanalijua.

Sasa tupitishe mpango uliorekebishwa. Hadi wiki ya nne hakuna kilichobadilika: 380,000. Wiki ya tano inashuka hadi 140,000 kabla ya mauzo, kisha Ijumaa hadi Jumapili kuku 90 wanaingiza 792,000, kuchinja kunatoa 54,000, na inafunga kwa 878,000. Wiki ya sita zinatoka 155,000 za chakula, usafiri na umeme, 25,000 zake na 36,000 za kuchinja kuku wa hoteli. Zinaingia 360,000 za kuku wazima. Inafunga kwa 1,022,000. Wiki ya saba na ya nane ni usafi na banda kupumzika. Wiki ya tisa vifaranga vipya vinaingia, inafunga kwa 517,000. Ya kumi 402,000. Ya kumi na moja hoteli inalipa 600,000 na inafunga kwa 742,000. Ya kumi na mbili 502,000. Hakuna wiki iliyo chini ya sifuri, bila kuongeza mtaji hata shilingi moja. Kilichobadilika ni wateja na siku zao.

Mpango haujakamilika kabla ya kuupiga jaribio moja: hoteli ichelewe mwezi mwingine. Wiki ya 11 inabaki na 142,000, na ya 12 inakuwa −98,000, kuku wa bechi ya pili wakiwa na wiki nne. Kwa hiyo mazungumzo na hoteli hayahusu bei, yanahusu nusu ya malipo siku ya kupokea mzigo. Wakikubali, 300,000 zinaingia wiki ya sita, na hata nusu ya pili ikichelewa wiki ya 12 inafunga kwa 202,000. Wiki ya 13 bado inaonyesha −38,000 kabla ya mauzo ya Ijumaa. Pengo hilo ni la siku chache, na linazibika kwa kuahirisha malipo yake ya wiki hiyo na ya iliyotangulia, jumla 50,000. Wakikataa, hoteli ipunguziwe hadi kuku 30, na 30 wengine wauzwe wazima taslimu. Mfugaji anapoteza 400 kwa kuku, 12,000 kwa bechi nzima, na hiyo ni bei nafuu sana ya kulala usingizi.

Akifikiria mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, kutokuwepo kwa riba hakubadilishi jedwali hili kama wengi wanavyodhani. Rejesho linaandikwa kwenye safu ya inayotoka kama mfuko wa chakula. Tatizo ni kwamba marejesho huja kila mwezi, na biashara hii huingiza fedha kwa mafungu kila wiki nane. Kabla ya kusaini, aweke rejesho kwenye wiki zake halisi na aangalie wiki ya nne na ya tano ya kila mzunguko, ambazo kwa bechi ya pili ni ya 12 na ya 13. Zikibaki juu ya sifuri hata hoteli ikichelewa, mkopo unabebeka. Zisipobaki, aombe tarehe za marejesho ziangukie wiki za mauzo, na ombi hilo liambatane na jedwali lenyewe.

Mwisho wa kila wiki, kuku wakiwa bandani, safu ya sita inaongezwa kando ya zile tano: kiasi halisi kilichobaki. Tofauti ya zaidi ya 30,000 inatafutiwa sababu siku hiyohiyo, na mara nyingi itakuwa moja ya mbili. Chakula kinamwagika kwa sababu vyombo vimewekwa chini ya usawa wa mgongo wa kuku, au kuna fedha ya nyumbani iliyotoka bila kuandikwa. Ya kwanza inaonekana kwa kufukua maranda chini ya chombo na kuangalia punje. Ya pili inaonekana kwenye orodha ya miamala ya simu.